Kifaa cha mdomoni cha kuzuia kukoroma: maswali tunayoulizwa Nakuru, na yale ambayo watu husahau kuuliza kuhusu meno

Maswali haya tumeyakusanya kwenye chumba cha daktari wa meno hapa Nakuru, mengine kutoka kwa wagonjwa wanaosafiri kuja kwetu wakitoka Kericho, Kisumu na Kakamega. Tumeyapa namba ili tusirudie jambo mara mbili. Ukiwa tayari una kifaa na shida yako ni meno, ruka moja kwa moja hadi swali la 8.

## Mambo ya msingi

1. Kifaa hiki ni nini, na kinazuiaje kukoroma?

Ni vipande viwili vya plastiki ngumu. Kimoja kinashika meno ya juu na kingine meno ya chini, na vimeunganishwa kwa skrubu, mikanda au mabawa madogo ya pembeni. Ukikivaa, taya la chini haliwezi kurudi nyuma. Linabaki limesogezwa mbele kwa milimita kadhaa usiku kucha.

Ili uone faida yake, lala chali kisha legeza taya lako. Utasikia ulimi ukirudi kooni. Ulimi umejishikiza kwenye mfupa wa taya la chini, upande wa ndani wa kidevu, kwa hiyo taya likirudi nyuma, ulimi nao hurudi. Usingizini misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huwa nyembamba. Hewa inayopita kwa nguvu mahali pembamba hutikisa kaakaa laini na kimio, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika mpaka ubongo ushtuke na kukuamsha nusunusu.

Taya likivutwa mbele, ulimi hufuata. Kaakaa laini nalo hukazwa, kwa sababu limeunganishwa na ulimi kwa mikunjo ya pembeni ya koo. Picha za koo zimeonyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii: nafasi huongezeka zaidi kwa upana, kushoto na kulia nyuma ya kaakaa, kuliko mbele na nyuma.

2. Mzee wangu anakoroma hadi jirani anasikia. Nimletee kifaa tu?

Mama, kwanza apimwe. Kukoroma pekee ni kelele, lakini kukoroma kunakoandamana na pumzi kukatika ni ugonjwa, na kelele haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili. Wewe unayelala naye ndiye shahidi wetu wa kwanza. Je, mkoromo hukatika ghafla, kukawa kimya, kisha akashtuka kama mtu anayetoka majini? Je, husinzia akiwa kwenye matatu, kanisani, au akitazama taarifa ya habari?

Kipimo chenyewe huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 ni kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ugonjwa ni mdogo, 15 hadi chini ya 30 ni wa wastani, na 30 kwenda juu ni mkali. Wengi hupimwa nyumbani kwa kifaa chenye mkanda wa kifuani, mrija mdogo wa puani na klipu ya kidoleni. Wenye matatizo ya moyo, au ambao majibu yao hayaeleweki, hulazwa usiku mmoja mahali palipo na vipimo kamili.

Tunasisitiza kipimo kwa sababu kifaa kinaweza kuzima kelele na kuacha pumzi ikiendelea kukatika. Hapo mama analala vizuri, mzee anaendelea kuugua kimya, na hakuna anayejua. Kama mzee ni dereva na husinzia akiwa barabarani, asiendeshe gari mpaka apate tiba na ionekane inafanya kazi.

3. Kuna mashine ya kusukuma hewa. Kwa nini nichague kifaa cha mdomoni?

Kwa nguvu, mashine inashinda. Hupuliza hewa kupitia kinyago na kuishikilia njia ya koo ikae wazi. Ilivumbuliwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, wakaitangaza mwaka 1981, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza kwa ugonjwa mkali. Kifaa cha mdomoni hupunguza mikatizo kwa kiasi kidogo kuliko mashine. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya watumiaji hupona karibu kabisa, theluthi hupata nafuu isiyokamilika, na theluthi iliyobaki haipati nafuu ya maana.

Lakini mashine iliyofungiwa kabatini haimtibu mtu. Wengi huvaa kifaa saa nyingi zaidi kwa usiku kuliko wanavyovumilia kinyago, na hilo hupunguza pengo kati ya tiba hizi mbili. Kuna pia umeme. Anayelala kwenye lori Malaba, au anayeishi mahali stima hupotea kila mvua ikinyesha, hujibu swali hili haraka kuliko sisi.

Ukiwa na mikatizo 30 au zaidi kwa saa, jaribu mashine kwanza. Kifaa kiwe cha yule aliyeshindwa nayo.

## Kutengenezewa na kuzoea

4. Je, meno yangu yanatosha kushika kifaa?

Mara nyingi tunataka meno 8 hivi yenye afya juu na mengine kama hayo chini, yakiwemo ya nyuma pande zote mbili. Tunatikisa jino mojamoja kwa kidole. Jino linalocheza kwa sababu ya ugonjwa wa fizi halipewi mzigo huu, kwa kuwa kifaa husukuma meno kwa muda wa saa 7 kila usiku. Fizi zitibiwe kwanza.

Pia tunakuomba usogeze kidevu mbele kadiri unavyoweza. Ukishindwa kufika milimita 5, hakutakuwa na nafasi ya kurekebisha kifaa. Watoto na vijana ambao taya bado linakua hawapewi kifaa hiki hivihivi. Na kama mikatizo yako inatoka kwenye ubongo kusahau kuamuru pumzi, si koo kuziba, kusogeza taya hakutakusaidia. Hiyo ni sababu nyingine ya kupimwa kabla (swali la 2).

5. Kinatengenezwaje, na kwa nini nirudi mara nyingi?

Siku ya kwanza tunachukua sura ya meno yako kwa udongo laini unaoganda mdomoni au kwa kamera ndogo. Kisha tunakupa rula maalumu uume, tupime mwendo wa taya tangu likiwa nyuma kabisa hadi mbele kabisa. Kwa watu wengi huwa milimita 10 hadi 13. Kifaa huanzia karibu nusu ya mwendo huo au kuzidi kidogo.

Baada ya hapo kazi ni yako na skrubu. Aina nyingi husogea robo milimita kwa mzunguko mmoja. Tunapendekeza nusu milimita kwa wiki, na usisogeze mpaka maumivu ya wiki iliyopita yatulie. Unasimama pale mkoromo unapoisha na usingizi wa mchana kupungua, si pale skrubu inapogota. Kusogeza mbele zaidi ya unavyohitaji hakukuongezei pumzi, bali huyaongezea meno mzigo, kama swali la 9 linavyoeleza.

Halafu unapimwa tena usingizi ukiwa umekivaa. Hatua hii ndiyo watu huiruka, kwa sababu tayari wanajisikia vizuri na kipimo kina gharama. Tunapokupa bei, uliza kama kipimo cha pili na marekebisho ya mwaka wa kwanza vimo ndani.

6. Nimeona vya kuchemsha na kuuma, vinauzwa mtandaoni kwa bei rahisi. Je, vinafaa?

Vinaweza kukuonyesha kama utavumilia kitu mdomoni usiku. Hata hivyo hushika meno kwa ulegevu na hutoka usingizini. Kwa tiba yenyewe vimeonekana kuwa dhaifu kuliko vilivyotengenezwa kwa kipimo chako. Shida yetu kubwa ni kwamba hakuna aliyeangalia meno yako kabla. Tumepokea mtu aliyeviuma akiwa na jino la mbele linalocheza, na hakujua kuwa linacheza mpaka kifaa kilipoanza kulivuta.

(Ndiyo, Nakuru tuko juu, maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Plastiki hiyo hulainika mapema zaidi, kwa hiyo mwinuko si kisingizio cha kifaa kukataa kushika.)

7. Mate yanajaa mdomoni na taya linauma. Nikivue?

Mate mengi ni ya wiki za kwanza. Mdomo unadhani umewekewa chakula. Wengine hupata kinyume, mdomo unakauka, na mara nyingi ni kwa sababu pua imeziba na wanapumulia mdomo. Msimu wa vumbi tunawaona wengi wa aina hii, na dawa yao iko puani.

Maumivu ya meno na misuli ya shavuni yanayoisha kabla ya chai ya saa nne yanavumilika. Anza kwa kukivaa kwa muda wa saa moja jioni ukiwa macho, kisha nusu ya usiku, kisha usiku mzima. Maumivu yanayoendelea hadi jioni, au yanayozidi kila wiki, yanamaanisha skrubu imeenda haraka. Irudishe nyuma mizunguko miwili na utupigie simu.

## Meno na namna yanavyokutana

8. Asubuhi meno yangu ya nyuma hayagusani. Yameharibika?

Mara nyingi hapana. Taya limekaa mbele usiku kucha, na msuli mmoja ulio karibu na kiungo cha taya, ambao kazi yake ni kulivuta mbele, umejikunja muda mrefu. Ukivua kifaa, haulegei mara moja. Taya linabaki mbele kidogo, meno ya mbele yanagongana kabla ya ya nyuma, na unahisi kama una mdomo wa mtu mwingine.

Kitu cha kufuatilia ni muda. Ukihisi umerudi kawaida ndani ya nusu saa hivi, ni msuli. Miezi ikipita na nusu saa ikawa saa mbili, kisha adhuhuri, usingoje miadi ya mwaka. Hapo huenda si msuli tena, meno yenyewe yameanza kusogea.

9. Kwa hiyo meno yanaweza kusogea kabisa?

Ndiyo, na ni vyema uambiwe kabla ya kulipa. Karibu kila anayevaa kifaa hiki miaka mingi hupata mabadiliko fulani, makubwa au madogo.

Sababu yake ni rahisi. Taya lililovutwa mbele linataka kurudi, kwa kuwa misuli na ngozi vinalivuta nyuma. Linashindwa kwa sababu kifaa kimelizuia, lakini kifaa chenyewe kimeshikilia meno. Kwa hiyo nguvu ya taya kurudi nyuma inaishia kwenye meno: ya juu yanasukumwa kuelekea ndani ya kinywa, ya chini yanasukumwa kuelekea mdomo wa chini. Ni nguvu ndogo, lakini nyaya za kunyoosha meno hutumia nguvu ndogo pia. Tofauti ni kwamba hizi za usiku hakuna aliyezipangia njia.

Kwa kawaida watu wazima meno yao ya juu ya mbele hutangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 4, na huyafunika kwa kiasi kama hicho. Ukivaa kifaa, ya juu yanalala nyuma kidogo, ya chini yanainama mbele, na umbali ule unapungua. Waliofuatiliwa kwa miaka kama 10 hivi walipoteza takriban milimita 2 kwa wastani, kwa kutangulia na kwa kufunika. Mwendo haukomi baada ya mwaka wa kwanza, unaendelea polepole. Meno ya mbele yakianza kugongana, ya nyuma huachwa wazi, hasa yale madogo yaliyo kati ya chonge na magego makubwa. Mifupa ya taya yenyewe hubadilika kidogo sana.

Si kila mmoja huumia kwa hilo. Aliyeanza na meno ya juu yaliyochomoza milimita 7 anaweza hata kufurahia kioo chake. Aliyeanza na meno yanayokutana ncha kwa ncha hana akiba yoyote. Milimita moja tu, na meno ya chini yako mbele ya ya juu. Huyo tunamwambia wazi kwamba mashine ya hewa inamfaa zaidi kama anaweza kuivumilia.

10. Nitajuaje kama yangu yanasogea? Sihisi chochote.

Ni kweli, wengi hawahisi. Mabadiliko ya nusu milimita kwa mwaka hayapigi kelele, na ulimi huzoea. Ndiyo maana tunahifadhi sura ya meno yako ya siku ya kwanza, plasta au faili ya kompyuta, na kuilinganisha kila mwaka.

Nyumbani fanya hivi mara moja kwa mwezi, jioni, wakati athari ya usiku imekwisha. Kata ukanda mwembamba wa risiti ya supamaketi. Uweke kati ya magego, uma kawaida bila kukaza, kisha uuvute. Ukikwama, meno yanagusana. Ukiteleza bila kuchanika, hapo pana nafasi. Jaribu jino kwa jino, pande zote mbili, na uandike. Mwezi mmoja usikupe hofu. Ukanda ukiteleza mahali palepale miezi mitatu mfululizo, njoo nao.

Dalili nyingine ni za mezani. Sukuma wiki inabaki na nyuzi hata ukitafuna sana, au unajikuta umehamishia nyama upande mmoja. Nyingine ni nyama kuanza kunasa kati ya meno mawili ambayo zamani hayakupitisha kitu.

11. Mmewahi kuona mtu ambaye yalisogea? Mlifanya nini?

Ndiyo. Tutamweleza dereva mmoja wa lori, na tumebadilisha machache asitambulike. Alikuja akiwa na miaka 47, pumzi ikikatika mara 24 kwa saa. Mashine aliijaribu wiki sita akaiacha, kwa sababu usiku nne kati ya saba hulala kwenye gari. Meno yake ya juu yalitangulia milimita 4 na kufunika milimita 3. Taya lake lilikuwa na mwendo wa milimita 11. Tukaanzia 6, naye akasogeza nusu milimita kwa wiki kwa wiki nne, akafika 8. Mkewe alisema kelele imebaki kidogo akilala chali tu. Kipimo cha pili kilionyesha mikatizo 7 kwa saa. Hiyo ilikuwa tiba nzuri.

Tulimpa pia kipande cha kuuma asubuhi (swali la 13). Alikitumia mwaka wa kwanza, baadaye kikapotelea kwenye dashibodi, na hakusema. Mwaka wa pili meno yalitangulia milimita 3.5. Kisha akapotea miaka mitatu. Aliporudi mwaka wa tano yalikuwa 2.5, na ukanda uliteleza upande wa kulia kwenye meno madogo ya nyuma. Alisema anakula vizuri. Mwaka wa nane tulipima milimita 1.5 kutangulia, 1.5 kufunika, na ukanda ukateleza pande zote mbili. Safari hiyo alikuja na lalamiko mwenyewe: nyama choma imekuwa kazi.

Njia zilikuwa tatu. Aache kifaa, na pumzi irudi kukatika mara 24 akiwa usukani. Aendelee vilevile. Au apunguze mvuto. Tukarudisha skrubu milimita moja, hadi 7, tukampima usingizi upya: mikatizo 9 kwa saa. Ilipanda kidogo, lakini bado ilikuwa mbali na 24, na hasinzii. Usiku anaolala nyumbani alikubali kujaribu mashine tena, kwa kinyago cha puani tu badala ya kile kikubwa cha zamani, na sasa huivaa usiku mbili kwa wiki. Kipande kipya cha asubuhi kimefungwa kwa kamba kwenye mfuko wa mswaki. Mwaka uliofuata kutangulia kwa meno kulikuwa kumepungua kwa milimita 0.2 tu.

Meno hayakurudi yalipokuwa, wala hatukumwahidi. Yeye mwenyewe alipima mambo mawili, kutafuna na kuendesha, akachagua. Kosa letu lilikuwa ile miaka mitatu, kwani hatukumpigia simu.

12. Nikiacha kifaa, meno yatarudi?

Ile hali ya asubuhi ya swali la 8 huisha ndani ya siku chache. Meno yaliyosogea yenyewe hurudi kidogo kwa baadhi ya watu, na mara nyingi si kikamilifu. Yanaweza kunyooshwa kwa nyaya, lakini ukivaa kifaa tena baadaye, nguvu ileile inaanza upya. Kwa hiyo amua kwanza utatibu vipi pumzi, ndipo uguse meno.

Tunaomba sana msikubali jambo moja: mtu kusaga meno ya mbele ili ya nyuma yagusane, au kuwekewa krauni ndefu, yaani kofia ya jino, kujaza pengo, kabla ya kujulikana kama meno bado yanasogea. Meno yaliyosagwa hayaoti tena.

13. Kipande cha asubuhi ni kipi, na kinatumikaje?

Ni plastiki ndogo iliyogandishwa ikiwa kati ya meno yako kabla hujaanza kuvaa kifaa. Ina alama za meno ya juu na ya chini yakiwa mahali pake pa asili. Ukivua kifaa, oga au kunywa kitu cha moto ili misuli ilegee, kisha weka kipande na uume polepole, bila kukaza, mpaka meno yaingie kwenye alama zote. Kwa wengi ni dakika 5 hadi 15. Huwezi kukivaa huku unakula, ila kuchemsha chai unaweza.

Kinasaidia taya lirudi, na hakuna anayeweza kukuapia kuwa kitazuia meno kusogea kabisa. Faida ambayo sisi tunaipenda zaidi ni kwamba ni kipimo. Siku meno yatakapokataa kuingia kwenye alama hata baada ya dakika 20, umejua jambo ambalo kioo kisingekuambia.

## Hali zisizo za kawaida

14. Nilikulia hapa Bonde la Ufa, meno yangu ni ya kahawia. Kifaa kitayavunja?

Maji ya visima vingi vya Nakuru na karibu na Elementaita yana floraidi nyingi, na aliyeyanywa utotoni hubaki na madoa. Madoa peke yake si kizuizi. Jino la kahawia lenye uso mzima hushika kifaa kama jino lingine.

Tunaangalia zaidi yale yaliyokuwa na vishimo na kingo zinazomeguka. Kifaa hushika kwa kubana sehemu iliyo chini ya tumbo la jino, na kingo dhaifu zinaweza kumeguka kinapotolewa kila asubuhi. Kwa mtu huyo tunalegeza mbano na kumfundisha kukitoa kwa vidole viwili, kulia na kushoto pamoja, asikivute kutoka mbele. Kama unapanga kufunika meno hayo ili yawe meupe, fanya hivyo kwanza. Ukiyafunika baadaye, umbo la jino hubadilika na kifaa hakitaingia.

15. Baba ana miaka 74, meno sita ya chini ya mbele yaling'olewa kimila. Anaweza kutumia?

Wazee wa Kiluo wa rika hilo tunawaona, na wazee wa Kikalenjin waliotolewa mawili ya katikati. Jibu liko nyuma ya pengo. Kama baba bado ana meno madogo ya nyuma na magego pande zote mbili, imara, kifaa kinaweza kutengenezwa kikavuka pengo na kushika hayo.

Lakini nguvu iliyokuwa igawanywe kwa meno 14 sasa inabebwa na 8. Kwa hiyo tunaanza na mvuto mdogo, karibu nusu ya mwendo na si zaidi, na tunasogeza kwa robo milimita. Tunamwona kila miezi sita. Umbali wa meno ya mbele hatuwezi kuupima kwake, maana hakuna ya chini, hivyo tunafuata magego: jinsi la juu linavyokaa juu ya la chini, na ukanda wa risiti wa swali la 10. Kama meno hayo ya nyuma tayari yanacheza, tunakataa. Tungemwibia mzee meno yake ya kutafunia.

16. Sina meno kabisa. Je, kuna njia?

Kuna kifaa laini chenye kipochi cha mbele kinachonyonya ncha ya ulimi na kuushikilia nje kidogo. Hakitegemei meno wala hakiyasogezi. Kuna wasioweza kukizoea, na ulimi huamka ukiuma siku za kwanza. Kwa asiye na meno, mashine ya hewa ndiyo tunayoitaja kwanza.

17. Nimeng'olewa gego, au nimewekewa krauni mpya. Nivae kifaa kilekile?

Usikilazimishe. Kifaa kinachobana jino moja tu hulisogeza jino hilo kwa haraka. Kilete pamoja nawe siku ya krauni, ikiwezekana kabla haijagandishwa, ili kimoja kirekebishwe kufuata kingine. Kidonda cha jino lililong'olewa kipone kwanza. Mwambie daktari yeyote wa meno, hata wa mji mwingine, kwamba una kifaa, kwa sababu hataweza kukiona mdomoni mchana.

18. Kiungo cha taya kinalia kaka-kaka tangu nianze. Ni hatari?

Mlio bila maumivu, na mdomo unafunguka kama kawaida, tunaufuatilia tu. Mlio wenye maumivu mbele ya sikio, au mdomo unaokwama usiweze kuingiza vidole viwili vilivyopangwa wima, ni sababu ya kuacha kifaa usiku huo na kuja kuonwa wiki hiyohiyo. Na kama ulikuwa na shida hiyo kabla, ilipaswa kutajwa siku ya swali la 4, kwa hiyo itaje sasa.

19. Nikisafisheje?

Mswaki laini, maji baridi au ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo. Dawa ya meno hukikwaruza. Usikitie maji ya moto, na usikiache kwenye dashibodi ya gari Kisumu mchana. Kitapinda, na kilichopinda kitayavuta meno upande ambao hukuukusudia. Kikiingia kwa shida baada ya siku ya jua kali, usikivae kwanza. Kilete tukiangalie.